Kopo Limefika Kutoka Ng'ambo: Hakiki Bechi Kabla Hujachota Kijiko

Kopo lililonifundisha haya lilikuwa la kriatini, saplimenti ya unga ya wanamichezo, gramu 500, foili imebana vizuri mdomoni, lebo safi inayong'aa. Nililinunua kwa muuzaji wa ng'ambo mwenye nyota nyingi na sifa tele kutoka kwa wateja. Chini ya kopo kulikuwa na namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa bidhaa zilizotengenezwa pamoja. Niliiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, ikajibu kwamba bechi hiyo ipo. Nikatulia. Kumbe kopo lilikuwa feki.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba namba ikikubalika, kopo nalo limekubalika. Mtu anayechapisha lebo bandia hana haja ya kubuni namba. Ananunua kopo moja halisi, ananakili kila kilichoandikwa juu yake, namba ya bechi ikiwemo, kisha anachapa nakala kadiri anavyotaka. Namba ya kweli inakaa kwenye kopo la uongo bila taabu yoyote. Kwa hiyo kuhakiki bechi ni kuangalia kama pande tatu zinasema neno moja: kopo ulilonalo mkononi, kumbukumbu za mtengenezaji, na cheti cha maabara. Halafu kuna upande wa nne ambao wengi huusahau, nao ni unga wenyewe.

Nitaendelea na kriatini kama mfano, kwa sababu ni kitu kimoja kisichochanganywa na mengine, na tabia zake zinajulikana vizuri. Kwa vidonge vya vitamini au mafuta ya samaki hatua ni zilezile, isipokuwa jaribio la maji nitakalolieleza karibu na mwisho.

Kabla ya kulipa

Kwanza jua unanunua kwa nani hasa. Kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, jina la kampuni lililo juu ya ukurasa si lazima liwe la muuzaji. Tafuta mstari mdogo unaoonyesha nani anauza na nani anasafirisha. Tena, kuna maghala yaliyozoea kuchanganya mizigo ya wauzaji mbalimbali kwenye rafu moja ilimradi msimbo pau ni uleule, kwa hiyo unaweza kumlipa muuzaji mwaminifu ukaletewa kopo lililoingizwa ghalani na mwingine. Ndiyo maana sifa za muuzaji pekee hazitoshi.

Hili si jambo la makampuni madogo yasiyojulikana. Mwaka 2019 kampuni ya Procter & Gamble ilithibitisha kwamba bidhaa yake ya Align, ambayo ni bakteria wazuri wa tumbo, ilikuwa na nakala bandia zilizouzwa na wauzaji wengine kwenye soko la Amazon. Mwaka 2023 kampuni ya NOW ya Marekani nayo ikatangaza kwamba jina lake limeigwa kwenye soko hilohilo. Vidonge vilivyotakiwa kuwa na maganda ya psyllium, yaani nyuzi za kulainisha choo, vilikutwa na unga wa mchele, na baadhi vilikuwa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume. Hebu fikiria mzee anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya moyo, anameza kidonge akidhani ni nyuzi. Sildenafili na naitreti zikikutana, shinikizo la damu linaweza kushuka kwa kiwango cha kuua.

Kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, utafute orodha ya wauzaji anaowatambua, ununue kwake mwenyewe au kwa mmoja wao. Ikiwa lazima ununue kwa mwingine, mwandikie kabla ya kulipa umwombe picha ya chini ya kopo lililopo ghalani leo, namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda zikionekana. Anayeshika bidhaa mwenyewe hupata picha hiyo kwa dakika chache. Anayekutumia picha ya tangazo, au anayejibu kwamba bidhaa zote ni halisi usijali, huyo mwache.

Neno moja kuhusu nembo. Ukiona lebo ya saplimenti imeandikwa kwamba imeidhinishwa na FDA, hiyo peke yake ni sababu ya kushuku. FDA ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na chini ya sheria ya mwaka 1994 haiidhinishi saplimenti kabla hazijaingia sokoni. Kiwanda kusajiliwa FDA ni suala la kuorodheshwa tu, wala si uthibitisho wa ubora.

Mzigo ukifika, usifungue kwanza

Piga picha boksi la nje, lebo ya usafirishaji, kopo pande zote, mdomo na chini. Picha hizi utazihitaji kwa mtengenezaji, na zitakusaidia kudai fedha ikibidi.

Halafu itazame namba ya bechi kwa karibu, ikiwezekana kwa kamera ya simu uliyoivuta. Kwa kawaida kiwanda huchapa lebo kwa wingi mapema, kisha namba ya bechi na tarehe hupigwa kwa mashine nyingine siku ya kujaza makopo. Kwa hiyo maandishi ya namba huwa na sura tofauti na ya lebo: vidoto vidogo vya wino au alama ya leza, mara nyingi yamepinda kidogo au hayako katikati. Kupinda huko si kasoro. Kinachotia shaka ni namba iliyochapwa pamoja na lebo, kwa wino uleule na herufi zilezile, kana kwamba kila kopo duniani ni la bechi moja. Kopo langu lilikuwa hivyo, na mimi nikaona ni unadhifu!

Kama umenunua makopo kadhaa kwa nyakati tofauti, linganisha. Ukipata makopo mawili uliyoyanunua kwa kupishana miezi minne yana bechi moja, si ushahidi kamili, kwani muuzaji anaweza kuwa na akiba kubwa. Ukipata kriatini ya limau na kriatini isiyo na ladha zina bechi moja, hapo kuna neno, kwa sababu hiyo ni michanganyiko miwili tofauti na haiwezi kutoka kwenye pipa moja.

Msimbo pau hautakusaidia sana. Tarakimu zake za mwanzo zinaonyesha ni tawi la nchi gani la GS1, shirika la kimataifa la misimbo pau, lililotoa namba; hazionyeshi bidhaa imetengenezwa wapi. Na yeyote anaweza kuunakili. Msimbo wa QR una hatari zaidi, kwa sababu unakupeleka anakotaka aliyeuchapa. Ukiuskani, soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi kabla ya kuamini ukurasa wenye alama ya tiki ya kijani. Mimi siku hizi sitegemei msimbo wa kopo kabisa. Naandika anwani ya mtengenezaji mwenyewe, kwa mkono.

Tafuta bechi kwenye daftari la nje

Baadhi ya bidhaa hupimwa na mashirika yasiyo ya kampuni husika. Hapa kuna tofauti inayowachanganya watu wengi. Informed Sport hupima kila bechi kabla haijatoka, na unaweza kutafuta bidhaa na namba ya bechi kwenye sport.wetestyoutrust.com. NSF Certified for Sport ina orodha yake kwenye nsfsport.com. Alama ya USP Verified, kwa upande wake, inahusu bidhaa na namna inavyotengenezwa, wala huendi pale kutafuta bechi ya kopo lako.

Ukikuta lebo yako ina nembo ya Informed Sport lakini bechi haimo kwenye orodha, una sababu nzuri ya kusimama. Angalia kwanza kama umesoma namba vizuri, maana sifuri na herufi O hufanana, na namba ya saa ya kujazwa wakati mwingine hubandikwa mwishoni mwa namba ya bechi. Bado haimo? Liulize shirika lenyewe. Na ikiwa imo, furahi kidogo tu. Umejua kwamba bechi hiyo iliwahi kuwepo na ikapimwa. Hujajua kama kopo lako limetoka humo.

Mwandikie mtengenezaji, na uulize swali sahihi

Hatua hii ndiyo iliyonifumbua macho, na nimejuta sana kuichelewesha. Wengi huuliza kama bechi fulani ni halisi, wakajibiwa ndiyo, mambo yakaishia hapo. Ukiuliza hivyo umempa mwenzako nafasi ya kuangalia namba peke yake. Uliza mambo yanayoambatana nayo.

Mpe picha zako na umwulize: bechi hii ilikuwa ya bidhaa gani, ya ladha gani, kwa makopo ya ukubwa gani? Tarehe yake ya kuisha muda ni ipi? Ilipelekwa kwa msambazaji wa eneo gani? Muuzaji huyu mnamtambua? Anwani ya barua pepe ichukue kwenye tovuti uliyoifungua mwenyewe, usiichukue kwenye kopo.

Mimi nilijibiwa baada ya siku nne. Bechi ipo, walisema, lakini yote ilijazwa kwenye makopo ya gramu 300. Hakuna kopo hata moja la gramu 500 lililobeba namba ile. Tarehe ya kuisha muda nayo ilipishana na yangu kwa mwaka mzima. Bila shaka mwigaji alinakili namba kutoka kopo dogo, akaibandika kwenye kopo kubwa, na tarehe akaisogeza mbele ili mzigo ukae sokoni muda mrefu. Namba ilikuwa ya kweli, na kila kilichoizunguka kilikuwa cha uongo.

Soma cheti cha uchambuzi kama msomaji mwenye mashaka

Nilipomlalamikia muuzaji, alinitumia cheti cha uchambuzi, kile ambacho kwenye faili huitwa COA. Kilikuwa na muhuri wa bluu na sahihi. Vyeti vya namna hii vinatungwa kirahisi kwa kompyuta, kwa hiyo muhuri usikushughulishe. Kuna mambo manne ya kutazama.

Mosi, cheti ni cha nini? Wauzaji wengi huonyesha cheti cha malighafi, yaani cha gunia la unga lililoingia kiwandani, na namba yake huwa ya gunia hilo. Unachohitaji ni cheti cha bidhaa iliyokamilika, chenye namba ileile iliyo chini ya kopo lako. Cheti cha malighafi kinaweza kuwa cha kweli kabisa na kisiseme lolote kuhusu kilichomo ndani ya kopo.

Pili, matokeo yana tarakimu? Cheti cha kuaminika kinaonyesha kipimo, njia iliyotumika, kiwango kinachoruhusiwa, na matokeo yaliyopatikana. Kwa risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki utaona kiasi, au utaona kwamba kiko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Ukurasa mzima ulioandikwa tu kwamba kila kitu kimekidhi hauna cha kuhakiki. Ukipata vyeti vya bechi tatu vyenye matokeo yanayolingana hadi desimali ya mwisho, jua kilichobadilishwa ni namba ya juu tu.

Tatu, tarakimu zinaafikiana na kitu kinachodaiwa? Hapa kriatini ina siri nzuri. Inayouzwa zaidi ni kriatini monohaidreti, na hilo neno la mwisho maana yake kila molekuli ya kriatini imeshikamana na molekuli moja ya maji. Kwa uzito, maji hayo ni kama asilimia 12. Ukiukausha unga huo maabara kwenye joto, maji yale hutoka na unga hupungua uzito kwa kiasi hichohicho. Kwenye cheti tafuta mstari ulioandikwa Loss on Drying. Kwa monohaidreti halisi utaona karibu 12. Cheti nilichotumiwa kilisema 0.4.

Tarakimu hiyo ilitosha kukiangusha. Unga unaopoteza asilimia 0.4 tu hauwezi kuwa monohaidreti. Ama ni kriatini isiyo na maji, ambayo ni bidhaa nyingine na lebo ingesema hivyo, ama ni cheti cha unga mwingine kabisa kilichobadilishwa jina. Usichanganyikiwe ukiona palepale usafi umeandikwa asilimia 99.9. Usafi kwa kawaida huhesabiwa baada ya kuondoa uzito wa maji, kwa hiyo 99.9 na 12 zinaweza kukaa kwenye cheti kimoja bila kugombana.

Kila saplimenti ina hesabu yake ya aina hii. Magnesiamu glaisineti, kwa mfano, ikiwa safi ina magnesiamu yenyewe kama asilimia 14 tu ya uzito. Kidonge chenye miligramu 500 za unga huo kinabeba takriban miligramu 70 za magnesiamu. Lebo ikidai kwamba kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 400 za magnesiamu kutoka glaisineti tupu, ungehitajika unga wa karibu gramu 2.9, na haungeingia.

Nne, maabara ipo na inakitambua cheti? Tafuta jina la maabara mtandaoni, angalia kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, na uhakikishe kwenye orodha ya shirika lililotoa ithibati hiyo, kwa mfano UKAS kwa Uingereza au DAkkS kwa Ujerumani. Ithibati hutolewa kwa vipimo maalumu, kwa hiyo maabara inayoruhusiwa kupima maji ya kunywa huenda haina ithibati ya kupima saplimenti. Kisha waandikie, uambatanishe cheti, uulize jambo moja tu: je, ripoti yenye namba hii mliitoa ninyi, na haijabadilishwa? Maabara nyingi hazitakupa siri za mteja, lakini kuthibitisha kama karatasi ni yao ni ombi dogo.

Jaribio la maji

Hili ni la kriatini monohaidreti isiyo na ladha. Linaweza kuuangusha unga wa uongo, ila haliwezi kuupa unga wowote cheti cha usafi. Usionje na usinywe maji ya jaribio.

Kriatini haipendi maji baridi. Kwenye nyuzi joto 20 za selsiasi, lita moja huyeyusha kama gramu 14 tu. Kwenye nyuzi 50 huyeyusha kama gramu 34, na kwenye nyuzi 4, baridi ya friji, kama gramu 6. Tunaitumia tabia hiyo.

Pima gramu 5 kwa mizani ndogo, uzitie kwenye glasi safi yenye mililita 200 za maji ya nyuzi 20. Koroga dakika mbili, acha itulie dakika tano. Maji hayo yanaweza kubeba chini kidogo ya gramu 3, kwa hiyo unga halisi utabaki umetua chini, tabaka jeupe la kuonekana wazi. Sasa iweke glasi ndani ya bakuli la maji ya moto hadi maji ya ndani yafike nyuzi 50, huku unakoroga. Tabaka litayeyuka lote na maji yatakuwa angavu. Funika, weka friji usiku kucha. Asubuhi utakuta fuwele nyeupe zimerudi chini, sehemu kubwa ya gramu 5 ulizoanza nazo.

Unga wangu uliyeyuka wote kwenye maji ya kawaida kabla sijamaliza kukoroga, na asubuhi friji haikunirudishia chembe. Glukosi na maltodekistrini hufanya hivyo. Wanga wa mahindi au mchele usingeyeyuka hata kwenye nyuzi 50, ungeyafanya maji kuwa ya ukungu kila ukikoroga. Chokaa ingebaki chini hata kwenye moto.

Mipaka yake ni hii: unga uliochanganywa sukari kidogo tu unaweza kupita, na metali nzito huwezi kuziona kwa njia hii hata kidogo. Lebo ikisema unga umesagwa laini sana, hilo lisikutishe pia. Ule hutawanyika haraka kwenye maji na kuonekana kana kwamba umeyeyuka, lakini ukiuacha utulie unatua chini vilevile.

Pande zikipingana

Acha kutumia, ila usitupe. Funga kopo, liweke kwenye mfuko mwingine pamoja na boksi lake. Mtumie mtengenezaji picha zote na jina la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye soko, kwa sababu yeye ndiye mwenye nguvu ya kulifungisha tangazo. Fungua mgogoro wa malipo kupitia soko au benki ya kadi yako mapema, kabla dirisha la kudai halijafungwa, na uambatanishe jibu la maandishi la mtengenezaji. Jibu hilo huwa na uzito kuliko maelezo yoyote utakayoandika mwenyewe. Toa taarifa pia kwa mamlaka ya chakula na dawa ya mahali ulipo. Muuzaji akikuomba urudishe kopo, toa kwanza gramu 30 uzihifadhi kwenye chombo safi kilichoandikwa tarehe na bechi.

Kama ulishaanza kuitumia na ukapata kizunguzungu, moyo kwenda mbio, macho au ngozi kuwa ya njano, au mkojo kuwa mweusi, nenda hospitali na kopo lenyewe mkononi. Mwambie daktari waziwazi kwamba lebo inasema kriatini lakini una sababu ya kuamini kilichomo ni kitu kingine, na umtajie dawa zako zote unazozitumia.

Na unapomaliza kopo halisi, kwaruza namba ya bechi na utoboe kopo kabla ya kulitupa. Makopo matupu yenye lebo safi ni mali kwa mtu wa kujaza upya.